Vihisio vya Urefu na Mkazo katika Msuli: Namna Ishara Moja Inavyobadili Matokeo Wakati wa Kutembea

Uti wa mgongo hupokea taarifa za msuli kutoka kwa vihisio vya aina mbili, vinavyotofautishwa na mahali vilipo. Spindo za msuli zimelala sambamba na nyuzi za msuli. Kwa hiyo msuli unaporefuka, nazo huvutwa na kutoa taarifa ya urefu pamoja na kasi ya badiliko lake. Vihisio vya Golgi viko pale nyuzi za msuli zinapoungana na kano, hivyo hupokea nguvu ya nyuzi hizo moja kwa moja na kutoa taarifa ya mkazo.

Tofauti hiyo hudhihirika msuli unaposinyaa. Spindo hulegea na kuelekea kunyamaza, isipokuwa niuroni za gama zikaze ncha zake ili ibaki na wepesi wa kuhisi. Kihisio cha Golgi, kinyume chake, huongeza ishara zake.

Kwa muda mrefu kihisio cha Golgi kilichukuliwa kuwa kinga tu, kinachozuia msuli pale mkazo unapokaribia kuchana kano. Mwaka 1967, Houk na Henneman walionesha kwa paka kwamba kusinyaa kwa nyuzi chache zinazoungana na kihisio hicho kunatosha kukiamsha. Ikiwa kila hatua ya kawaida huamsha kihisio kinachozuia msuli, inabidi kuelezwa ni vipi mguu hauporomoki unapobeba uzito.

Jibu limo katika niuroni za kati za uti wa mgongo. Paka akiwa ametulia, ishara za mkazo kutoka msuli wa kigimbi huzuia msuli huohuo. Mfumo wa kutembea unapoamshwa, uzuiaji huo hufifia na njia nyingine hufunguka, ambapo ishara zilezile huchochea misuli inayonyoosha mguu. Uzito ukiongezeka, msuli husaidiwa. Ukipungua mwishoni mwa hatua, msaada huondoka na mguu huwa tayari kuinuliwa.

Paka anayekanyaga shimo huthibitisha jambo hili. Misuli ya kunyoosha huanza kusinyaa kabla ya mguu kugusa chini, kwa kuwa amri hiyo hutoka katika mfumo mkuu wa neva. Mguu usipokuta ardhi, usinyaaji huo hukatika mapema, kisha mguu hukunjwa na kutolewa shimoni.

Ufafanuzi wa matokeo haya unahitaji tahadhari. Umeme unaotumika kuamsha neva za vihisio vya Golgi huweza kuamsha neva za spindo pia, maana vizingiti vyake vinakaribiana. Aidha, kwa binadamu ushahidi ulio wazi zaidi ni kupungua kwa uzuiaji wakati wa kutembea; kugeuka kwake kuwa uchochezi hakupaswi kuchukuliwa moja kwa moja kutoka kwa paka.