Nusu ya Ndoo Si Nusu ya Maji

Chukua ndoo ya plastiki ya kawaida, ile yenye mdomo mpana na kitako chembamba. Itie maji hadi katikati ya kimo chake, kisha uwaulize walio karibu imejaa kiasi gani. Karibu wote watajibu nusu. Nimewauliza wanafunzi wa kidato cha pili swali hilo mwaka baada ya mwaka, na hata wenye alama nzuri huanza na jibu hilohilo. Baadaye huitazama ndoo tena na kusita. Huku chini ni kwembamba, huku juu ni kupana. Haiwezi kuwa nusu. Basi ni kiasi gani hasa?

Jibu liko katika mada ya maumbo yanayofanana, ambayo nchini Kenya imekuwa ikifundishwa kidato cha pili na kurudi tena katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Huko karatasi moja ya hesabu huchukua saa mbili na nusu na ina alama 100. Mada hii yaweza kuja kama swali fupi la alama tatu hivi, au swali refu la alama kumi lililovaa sura ya ndoo, faneli au kivuli cha taa. Wengi huanguka mahali pamoja, na mahali penyewe panaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Tuanze na neno "kufanana", kwa kuwa nyumbani tunalitumia kwa ulegevu. Sufuria mbili za duka moja, zenye mng'ao mmoja na masikio ya namna moja, tutasema zinafanana. Mwanahisabati hatakubali mpaka azipime. Tuseme ndogo ina upana wa sm 20 na kimo cha sm 10, na kubwa ina upana wa sm 30 na kimo cha sm 12. Upana umezidishwa kwa 1.5, kimo kimezidishwa kwa 1.2 tu. Hizo hazifanani kwa maana ya hesabu, na yote nitakayoeleza hapa hayazihusu. Ili zifanane, kubwa ingelazimika kuwa na kimo cha sm 15, na kila urefu mwingine, hata wa masikio, uwe umezidishwa kwa namba ileile moja. Namba hiyo tutaiita kizidishi cha urefu, na tuiandike k.

Sasa chukua mchemraba wa sm 1 kila upande, kisha utengeneze mwingine wa sm 3. Hapa k ni 3. Upande mmoja wa mchemraba mkubwa, ukiutazama kwa mbele, una safu tatu za miraba midogo mitatu mitatu, yaani 9. Ukiuvunja mchemraba wote utapata tabaka tatu za vipande tisa tisa, yaani 27. Urefu umekua mara 3, eneo mara 9, ujazo mara 27. Kwa kifupi, eneo huzidishwa kwa k² na ujazo kwa k³.

Mwanafunzi makini huuliza hapa: sawa kwa mchemraba, lakini birika je, ambalo lina tumbo na mdomo uliopinda? Ni swali zuri, na vitabu vingi hulipita haraka. Fikiria birika limejazwa vichemraba vidogo mno, vidogo kuliko punje za chumvi. Ukilikuza birika zima kwa 3, kila kichemraba nacho kinakua kwa 3, na kila kimoja kinachukua nafasi mara 27 ya ile ya kwanza. Vikiwa vyote vimekua mara 27, jumla yao haina budi kukua mara 27. Umbo la birika halina kauli katika jambo hili. Ndiyo maana kanuni hiyo inatumika kwa chupa, jiwe au sanamu, mradi tu vitu viwili vinafanana kweli.

Hebu tulione swali lenyewe. Makopo mawili yanafanana. Eneo lote la nje la kopo dogo ni sm² 400, na la kopo kubwa ni sm² 900. Kopo dogo linabeba mililita 480. Kopo kubwa linabeba kiasi gani?

Anayekimbia atagawa 900 kwa 400, apate 2.25, kisha azidishe 480 kwa 2.25 na kuandika 1,080. Amefanya hesabu bila kosa la kuzidisha, ila ametumia kizidishi cha eneo kwenye ujazo. Mwingine anakumbuka kwamba kuna kipeuo cha pili mahali fulani: anapata 1.5, anazidisha papo hapo na kuandika 720. Huyu amefika nusu ya njia akashuka garini. Wa tatu amekariri kwamba "lazima kuwe na kipeo", anaipandisha 2.25 yenyewe kwenye kipeo cha pili na kupata 2,430.

Njia iliyonyooka hupitia kwenye urefu. Kutoka eneo kwenda ujazo hakuna mkato: unashuka kwanza hadi k kwa kutafuta kipeuo cha pili, ndipo unapanda hadi k³. Kipeuo cha pili cha 9/4 ni 3/2. Ukizidisha 3/2 yenyewe kwa yenyewe hadi ziwe tatu, unapata 27/8. Kisha 480 mara 27/8 ni 1,620. Kopo kubwa linabeba mililita 1,620. Ningemshauri mwanafunzi aiache 3/2 kama sehemu, asiigeuze kuwa desimali mapema, kwa sababu 480 inagawanyika kwa 8 bila baki na hesabu inakwisha kwa mstari mmoja. Tena aandike k peke yake kwenye mstari wake. Msahihishaji hutoa alama za njia kando na alama za jibu, na k iliyoonekana wazi inaweza kuokoa alama hata jibu la mwisho likiharibika.

Jibu hukaguliwa kwa kurudi ulikotoka. Gawa 1,620 kwa 480, upate 3.375, kipeuo chake cha tatu ni 1.5, ileile k uliyoipata kwenye maeneo. Jibu la 2,430 linafeli mtihani huo: uwiano wake ni kama 5.06, na kipeuo chake cha tatu ni takribani 1.72.

Ramani nazo hutega kwa namna hiyohiyo, lakini zenyewe humwambia mwanafunzi amekosea. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, msitu umechukua sm² 6. Akizidisha 6 kwa 50,000 atapata sm² 300,000, na ataona ni namba kubwa ya kutosha msitu. Azigeuze ziwe mita za mraba: ni 30 tu, eneo la sebule. Hakuna msitu wa ukubwa huo. Mimi hupenda afanye kazi ya urefu kwanza: sm 1 kwenye ramani ni mita 500 ardhini, kwa hiyo mraba wa sm 1 ni kiwanja cha mita 500 kwa 500, nacho ni hekta 25. Msitu una hekta 150.

Turudi kwenye ndoo. Tuseme mdomo wake una nusu kipenyo cha sm 15, kitako sm 10, na kimo sm 24. Hapa wapo wanaosema: maji yamefika nusu ya kimo, basi k ni 1/2, na ujazo ni 1/8. Jibu hilo linakuja kwa sababu wamesahau ile sharti ya mwanzo. Maji yaliyomo hayafanani na ndoo. Kitako cha ndoo na kitako cha maji ni kilekile cha sm 10, ilhali kimo kimepungua nusu. Kama zile sufuria, vipimo viwili vimebadilika kwa uwiano tofauti.

Kinachofanana hakionekani; lazima ukichore. Refusha pande za ndoo kuelekea chini mpaka zikutane kwenye ncha moja. Umepata pia kamili iliyosimama kwa ncha yake, mfano wa koni ya aiskrimu, na ndoo ni sehemu yake ya juu baada ya ncha kukatwa. Pia kubwa ina nusu kipenyo cha 15 na ile ndogo iliyokatwa ina 10, kwa hiyo vimo vyao viko kwa uwiano wa 3 kwa 2. Tofauti ya vimo ni sm 24, ambayo ni fungu moja kati ya hayo matatu. Pia kubwa ina kimo cha sm 72, ndogo sm 48.

Ujazo wa pia kubwa, kwa kutumia 22/7, ni theluthi ya 22/7 × 15² × 72, karibu sm³ 16,971. Pia ndogo ni 8/27 ya hiyo, kwa hiyo ndoo ni 19/27 zilizobaki: karibu sm³ 11,943, au lita 11.9.

Jaza sasa hadi sm 12. Uso wa maji uko sm 60 juu ya ile ncha ya kufikirika. Tuna pia tatu zilizovaana, zenye vimo vya 48, 60 na 72, na hizi zinafanana kweli. Uwiano wa vimo ni 4 kwa 5 kwa 6, kwa hiyo ujazo wake uko kwa uwiano wa 64 kwa 125 kwa 216. Maji ni 125 toa 64, yaani mafungu 61. Ndoo nzima ni 216 toa 64, yaani mafungu 152. Gawa 61 kwa 152: ni asilimia 40. Anayenunua "nusu ndoo" iliyopimwa kwa kimo anabeba lita 4.8, na lita nzima na zaidi inabaki kwa muuzaji.

Ukitaka nusu ya haki, unahitaji mafungu 76 ya maji. Yaongeze kwenye 64 ya ile ncha, upate 140. Kipeuo cha tatu cha 140 ni karibu 5.19. Toa 4 ya chini, ibaki 1.19, na kwa kuwa kila moja kwenye uwiano wetu ni sm 12, zidisha kwa 12. Alama ya nusu kwenye ndoo hii inapaswa kuchorwa sm 14.3 kutoka kitakoni.