Mfadhili akifunga virago, nani atabadilisha mita?

Wakazi wa Kisumu wanajua gharama ya maji machafu. Kati ya mwaka 1997 na 1998 kipindupindu kilienea Nyanza nzima, na zaidi ya wagonjwa 14,000 wakalazwa hospitalini. Wataalamu waliochunguza mkasa huo waligundua kwamba waliokunywa maji ya Ziwa Viktoria walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Katika mtaa kama Nyalenda, ambako ardhi ni tambarare na maji ya chini ya ardhi hayako mbali, visima vimechimbwa hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo. Ukiteka hapo, msomaji, unajitekea maradhi.

Kwa sababu hiyo wafadhili hawajakosekana pwani hii ya ziwa. Wamechimba visima, wakaweka pampu na kujenga matangi. Siku ya ufunguzi utepe hukatwa, nyimbo huimbwa na bango lenye nembo husimamishwa. Miaka mitatu baadaye mpira mdogo ndani ya pampu umechakaa, hakuna anayejua unauzwa wapi, na kina mama wamerudi ziwani na mitungi yao. Bango bado limesimama. Ukiuliza, utaambiwa wanakijiji hawakuwa na moyo. Mimi naona sababu ni nyingine: mradi ulikuwa na bajeti ya kujenga, lakini haukuwa na bajeti ya Jumanne ya kawaida.

Nyalenda inatupa mfano wa mradi uliopangiwa mapema maisha yake bila mfadhili. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliondoa huduma hiyo mikononi mwa idara za mabaraza ya miji, na hapa Kisumu kazi ikachukuliwa na kampuni ya KIWASCO. Kampuni hiyo ilirithi hasara. Mabomba membamba yalitandazwa ovyo mitaani, mengine yakiwa ya wizi, na maji mengi yalipotea bila kulipiwa. Katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa Ubalozi wa Ufaransa na mpango wa maji wa Benki ya Dunia, pamoja na shirika la SANA la hapa Kisumu, utaratibu mpya ukajaribiwa.

Kampuni ilileta bomba kubwa hadi mtaani na kuweka mita kuu. Kikundi cha wakazi kikatia saini mkataba wa kununua maji yote yanayopita katika mita hiyo kwa bei ya jumla, kisha kuyauza kwa majirani na kwenye vioski kwa bei ya rejareja. Mita za wateja zilikusanywa pamoja katika chemba moja, badala ya kila moja kufichwa nyuma ya nyumba ya mwenyewe. Hilo ni jambo dogo lenye faida kubwa. Msimamizi husoma zote akiwa amesimama mahali pamoja, na bomba la wizi huonekana kabla halijazeeka.

Hapo ndipo mpango wa kuondoka kwa mfadhili ulipo. Fedha za wageni zilinunua mabomba, chemba na mafunzo, yaani vitu vinavyolipiwa mara moja. Mshahara wa fundi, bili ya kila mwezi na matengenezo viliwekwa tangu mwanzo juu ya mauzo ya maji. Mfadhili alipoondoka hakuondoka na mshahara wa mtu yeyote.

Je, hesabu hiyo inasimama? Tuchukue mfano, bei zikiwa zangu za kueleza tu, si za Nyalenda. Kikundi kinanunua mita za ujazo 300 kwa mwezi, kila moja shilingi 40. Hiyo ni bili ya shilingi 12,000. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ile ya kawaida. Kikundi kikiiuza kwa shilingi 65, na maji yote yakimfikia mteja, kitapata 19,500. Baki ni 7,500. Msimamizi akilipwa 4,000, zinasalia 3,500 za akiba.

Sasa bomba linavuja, na tano moja ya maji inapotelea mtaroni. Bili haipungui, kwa kuwa mita kuu imeshasoma. Mauzo yanashuka hadi mita za ujazo 240, yaani shilingi 15,600. Ukilipa bili na msimamizi, umepungukiwa shilingi 400. Kikundi hakikuiba wala hakikuzembea. Ni tundu moja tu lisilozibwa. Mwezi wa kwanza watamchelewesha msimamizi, wa pili watachelewesha bili, na wa tatu kampuni itakata maji. Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya mradi wa maji, usiangalie rangi ya kioski. Linganisha usomaji wa mita kuu na jumla ya mita za wateja. Pengo likipanuka mwezi hadi mwezi, mradi unaugua hata kama maji bado yanatoka.

Turudi kwenye ile akiba ya 3,500. Kwa mwaka ni 42,000, na mtu atasema hizo ni faida, zigawanywe Desemba. Lakini wateja wakiwa 40, na mita mpya ikigharimu 4,000, kuzibadilisha zote ni shilingi 160,000. Zikidumu miaka minane, shilingi 20,000 za kila mwaka si faida hata kidogo. Ni mita zinazokufa polepole. Vikundi vingi huanguka hapa, tena kwa kishindo, kwa sababu miaka ya mwanzo huwa mitamu.

Utaratibu huu una mipaka yake pia. Mvua ikinyesha, watu hukinga maji ya paa au hurudi visimani, na mauzo ya kioski hushuka huku mshahara ukiwa uleule. Mwenyekiti mwenye nguvu anaweza kugeuza mradi kuwa duka lake. Na maskini anayenunua mtungi mmoja mmoja bado hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji nyumbani.

Wala si kila huduma ya afya inayoweza kuuzwa kwa mtungi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, na baadaye shirika la USAID likafungwa Julai mwaka huohuo, pigo lilifika kliniki za Nyanza. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi hutolewa bure, na inafaa zibaki hivyo. Huko, nafasi ya mauzo ya maji huchukuliwa na bajeti ya kaunti na ya serikali kuu. Muuguzi aliyelipwa na mradi hadi siku ya mwisho, bila jina lake kuingizwa mapema katika orodha ya mishahara ya kaunti, aliondoka na mradi.

Kwa hiyo, msomaji, ukialikwa kwenye ufunguzi mtaani kwako, uliza mambo matatu kabla soda hazijaisha. Nani analipa mshahara leo, na nani ataulipa mwaka wa mwisho wa mradi, mfadhili akiwa bado yupo wa kurekebisha makosa? Akiba iko benki gani, na nani wanaoweka saini? Na mkataba unampa nani ruhusa ya kupandisha bei, kampuni itakapopandisha ya jumla? Wakikujibu kwamba jamii itaendeleza mradi, waulize ni mtu gani hasa katika jamii hiyo mwenye spana.