Historia ya Jinzi, Sehemu ya Nne: Tazama Upande wa Ndani

Zile picha za suruali iliyotolewa kwenye mabaki ya meli SS Central America zimerudi kuzungushwa kwenye simu, na safari hii zimewafikia hata wauza mitumba wetu, ambao sasa kila jinzi iliyopauka wanaiita ya karne. Meli hiyo ilizama Septemba 1857 mbali na pwani ya Carolina Kusini. Suruali ilikutwa ndani ya sanduku la abiria, na Desemba 2022 ilinadiwa mjini Reno, Nevada, kwa dola 114,000. Waendesha mnada walidokeza kwamba huenda ni kazi ya Levi Strauss. Mwanahistoria wa kampuni hiyo, Tracey Panek, alikataa: haina chapa, haina ribiti, wala kitambaa chake si denimu.

Mimi niko upande wa Panek, na kinachonishangaza ni mahali mnada ulipofanyika. Kama kuna mji duniani ambao ungepaswa kujua tarehe ya kuzaliwa kwa ribiti kwenye suruali, ni Reno. Hapo ndipo Jacob Davis, fundi cherehani mzaliwa wa Riga, alipokuwa akishona mahema na mablanketi ya farasi. Karibu na mwanzo wa 1871 alikuja mama mmoja kumwagizia mumewe, mkata kuni mwenye mwili mkubwa, suruali isiyoraruka mifukoni. Mezani kwa Davis palikuwa na ribiti za shaba alizozitumia kwenye mikanda ya mablanketi. Akazigongea kwenye pembe za mifuko, akatoza dola 3, na habari zikaenea kwa wafanyakazi wengine wa mji.

Katika miezi 18 hivi aliuza suruali zipatazo mia mbili. Alitaka hataza, ila ada yake ilikuwa dola 68, na nyumbani kwake fedha za kuchezea hazikuwapo. Basi mwaka 1872 akamwandikia Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia kitambaa, wagawane haki. Hataza namba 139,121 ilitolewa Mei 20, 1873. Ina jina la Davis kama mvumbuzi, lakini nani leo anamtaja? Mwenye duka amebaki kuwa jina la suruali. Mwenye sindano aliendelea kusimamia ushonaji kiwandani hadi alipofariki mwaka 1908. Nimelisema hili katika sehemu zilizopita na nitalisema tena, kwa sababu dunia ina tabia ya kumkumbuka mwenye mtaji na kumsahau mwenye mkono.

Kwa hiyo suruali ya 1857 isiyo na ribiti haithibitishi lolote. Wakati huo Strauss alikuwa akiuza bidhaa za jumla, na wazo la Davis lilikuwa bado halijazaliwa.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 2022, huko New Mexico, iliuzwa jinzi ya miaka ya 1880 iliyookotwa kwenye mgodi uliotelekezwa. Hiyo ilikuwa ya kweli, na gharama yake yote ilifika dola 87,400. Magazeti yaliandika bei. Wachache walikaa kidogo juu ya maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha ndani ya mfuko, yaliyojigamba kwamba suruali hizo zimetengenezwa na wafanyakazi weupe tu. Marekani ilikuwa imepitisha mwaka 1882 sheria ya kuwazuia vibarua Wachina, na kampuni ikaona chuki hiyo inafaa kuwa tangazo. Baadaye iliyaacha maneno hayo. Mfuko uliyahifadhi, na ni vema, maana aibu iliyoandikwa ni ushahidi wa tarehe kama ulivyo mshono.

Sasa tuje kwa msomaji wa Arusha aliyenitumia picha za 501 anayouziwa kama ya miaka ya 60. Muuzaji aliipiga picha kwa mbele na kwa nyuma, imekunjwa vizuri. Picha hizo hazinisaidii. Nilimwomba aipindue.

Ya kwanza niliyoitaka ni pembe za juu za mfuko wa nyuma, kwa upande wa ndani. Ribiti ina vipande viwili: kofia inayoonekana nje, na kichwa bapa chenye msumari mfupi kinachobaki ndani. Mwaka 1937 ribiti za mifuko ya nyuma zilifunikwa kwa kitambaa, kwa kuwa watu walilalamika kwamba zinakwaruza viti na matandiko ya farasi. Kwa nje hazikuonekana tena, lakini kichwa bapa kiliendelea kuonekana ndani. Kufikia 1966 hivi ziliondolewa, mahali pake pakawekwa mshono mzito wa kukaza. Kwenye picha ya Arusha hapakuwa na kichwa chochote ndani, ila mshono mzito tu. Kwa hiyo suruali haikuweza kuwa ya zamani kuliko 1966, hata kabla sijatazama kingine.

Ya pili ni mgongo wa kifungo cha juu. Hapo huwa pamegongwa alama ya kiwanda. Za zamani zina tarakimu moja au mbili, za karibuni tatu. Yetu ilisomeka 524. Ya tatu ni lebo ya maelekezo ya kufulia. Kanuni ya Marekani iliyolazimisha lebo ya kudumu ilianza kutumika Julai 1972, hivyo lebo iliyoshonwa tangu kiwandani inaiondoa suruali kwenye miaka ya 60. Hii ilikuwa na 524 ileile ya kwenye kifungo, na tarakimu 0693, yaani mwezi wa sita, mwaka 1993. Kwenye lebo za miaka ya 80 mwaka huandikwa mara nyingi kwa tarakimu moja tu, na hapo lazima kitu kingine kiseme ni muongo upi.

Rangi ya uzi nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa taa ya duka hugeuza manjano kuwa chungwa. Weka karatasi nyeupe kando ya mshono kabla ya kupiga picha. Uzi wa pamba hupauka pamoja na kitambaa. Wenye poliesta hubaki unang'aa juu ya denimu iliyochoka. Uzi unaong'aa kwenye suruali inayodaiwa kuwa ya 1950 unahitaji maelezo.

Tahadhari moja kubwa. Kampuni yenyewe, na Wajapani pia, hutengeneza nakala za mitindo ya kale, zikiwa na ribiti zilizofunikwa na kila kitu. Nakala nyingi za kampuni zilizoshonwa Mtaa wa Valencia, San Francisco, kabla kiwanda hicho hakijafungwa mwaka 2002, zina 555 nyuma ya kifungo. Mlaghai hukata lebo, lakini kwenye mshono wa ubavuni hubaki kisiki chake au matundu ya sindano. Omba picha ya hapo kwa karibu. Kumbuka pia kwamba kifungo hubadilishwa na lebo hushonewa upya, kwa hiyo namba mbili zinazolingana hazitoshi ikiwa uzi ulioshikilia lebo ni tofauti na wa mshono wote.

Ya Arusha ilikuwa halali, Levi's ya kweli ya 1993, nzuri ya kuvaa. Muuzaji alipoelezwa alishusha bei hadi robo, na msomaji akainunua.