Je, Wajua? Maumivu ya Hedhi Yakivuka Goti

Je, wajua kwamba kiuno kinachouma siku za hedhi mara nyingi ni kizima kabisa? Kinachouma ni kizazi, kinapojikaza kutoa damu. Mishipa ya fahamu ya kizazi huingia kwenye uti wa mgongo karibu na ile ya kiuno na mapaja, basi ubongo huchanganya mahali maumivu yalipotoka.

Je, wajua maumivu hayo yana mpaka? Kwa kawaida huishia mapajani, na hutulia baada ya siku 2 au 3. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, huyapunguza, hasa ukiianza mapema. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asiiguse.

Je, wajua kuna siatiki inayofuata kalenda? Chukua mama anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Siku 2 kabla ya hedhi, kalio lake la kulia linaanza kuchoma. Moto unashuka nyuma ya paja, unavuka goti, unafika wayoni. Majirani wanasema ni mifuko anayobeba, na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Lakini mifuko anaibeba mwezi mzima! Anapoanza kuandika tarehe, anaona maumivu yanakuja na hedhi na kuondoka nayo: mwanzoni siku 4, miezi michache baadaye siku 10. Kisha kandambili ya kulia inaanza kumtoka akitembea, kwa sababu ncha ya mguu hainyanyuki vizuri. Hapo mshipa umekwisha kudhoofika.

Ugonjwa huo ni endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake, na mara chache hufika hadi kwenye mshipa wa siatiki, zaidi upande wa kulia. Ekografi inaweza kuonyesha kizazi safi, na IRM ya mgongo peke yake isione kitu. Mwambie daktari tarehe zako, ili picha ichukuliwe kwenye nyonga, mshipa unapopita.

Je, wajua diski ya mgongo iliyotokeza haifuati hedhi hivyo? Hedhi inaweza kuizidisha, lakini huuma pia ukiinama au ukikohoa, tarehe yoyote. Na mgongo unaouma usiku kucha, pamoja na homa na kukonda, upimwe kifua kikuu cha mifupa.

Je, wajua dalili isiyongoja kesho? Ganzi sehemu unazokalia, mkojo kukataa kutoka, au miguu yote miwili kulegea. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama uko katikati ya hedhi na kila mtu anasema itapita.