Kitabu Kinasema 34,500, Simu na Bahasha Zinasema 27,768: Vile Trezara wa Geti Anafaa Kuhendova Bila Kuitwa Mwizi

Jumapili jioni, Donholm. Viti vya plastiki vimepangwa kando ya geti, na trezara anayetoka ako na kaunta buku kwapani. Anasoma: salio ni 34,500. Mwenyekiti anasema, "Sawa, tuone hiyo doo." M-Pesa iko na 25,268. Bahasha iko na 2,500. Jumla 27,768.

Kimya. Halafu msee wa nyuma anatupa ile swali huvunja ujirani: "Na hiyo ingine umekula?"

Kama unaishi Savannah, Greenfields ama Phase yoyote ya Donholm, hii stori unaijua. Nyumba kadhaa ziko ndani ya geti moja, kila nyumba inachanga ya soja na takataka, na jirani mmoja ndio hushika doo. Hapa tutachukua geti la mfano: nyumba 24, kila moja 1,500 kwa mwezi, Januari hadi Juni. Trezara alikuja na hii:

Salio la kuanzia, 1 Januari: 18,400
Michango, mara 132 za 1,500: 198,000
Kukodisha tenti: 3,000
Jumla iliyoingia: 201,000
Soja wawili, 12,000 kila mmoja kwa miezi 6: 144,000
Takataka, 4,800 kwa miezi 6: 28,800
Fundi wa geti: 5,900
Balbu na stima: 6,200
Jumla iliyotoka: 184,900
Salio la kufunga: 34,500

Hesabu yenyewe iko sawa. Chukua 18,400, ongeza 201,000, toa 184,900, unapata 34,500. Shida ni kwamba doo iliyopo imepungua 6,732. Kabla mtu aitwe mwizi, hiyo tofauti lazima ivunjwe vipande.

Kwanza cheki mahali ilianzia. Ile 18,400 lazima iwe sawa na salio la kufunga la ripoti iliyopita, ile watu walisaini. Kama hailingani, unatafuta kosa la mtu mwingine ndani ya miezi yako. Kwa mfano wetu inalingana.

Pia usichanganye deni na doo. Nyumba 24 kwa miezi 6 ni michango 144. Kitabu kimetia tiki 132, kwa hivyo 12 hazijalipwa, yaani 18,000. Hizo zinaandikwa kwa orodha yao kando. Haziingii kwa salio, juu hakuna mtu amezishika.

Sasa omba stetimenti. Piga *334#, ingia My Account, kisha M-PESA Statement, uitishe ya miezi yote sita. Ikifika, kaa na mtu mwingine, mpitie laini moja moja mkilinganisha na kitabu.

Kitu cha kwanza mtaona ni zile coo za kutuma. Kumtumia soja 12,000 hukatwa 100, na imetumwa mara 12: hiyo ni 1,200. Takataka, 4,800, hukatwa 57, mara sita ni 342. Fundi alikatwa 90. Jumla 1,632, na hakuna hata bob moja ya hizo iliandikwa kwa kitabu. Watrezara wengi huandika kile soja amepokea, wanasahau kile Safaricom imekata. Tofauti sasa imebaki 5,100.

Kitu cha pili ni tiki. Kila tiki ya "amelipa" lazima iwe na ushahidi wake: laini kwa stetimenti, ama kipande cha risiti kama ilikuwa keshi. Mkihesabu, tiki ni 132 lakini ushahidi ni 131. Nyumba moja imetiwa tiki ya Aprili na hakuna kitu nyuma yake. Weka hiyo 1,500 kando, tutairudia. Imebaki 3,600.

Hapa kuna mbinu ya wahasibu. Kama tofauti iliyobaki inagawanyika kwa 9 bila kubakisha kitu, shuku namba mbili zimebadilishana nafasi. 3,600 gawa kwa 9 ni 400. Basi angalia matumizi: fundi wa geti ameandikwa 5,900. Stetimenti inasema alitumiwa 9,500. Tano na tisa zilibadilishana kalamu ikiwa mkononi. Imeisha.

Lakini hiyo mbinu ni dokezo tu. Hata ile 6,732 ya mwanzo inagawanyika kwa 9, na ilikuwa makosa matatu tofauti yamerundikana. Ndio maana unatoa kwanza yale unaweza kuona, halafu unajaribu 9 kwa kile kimebaki.

Ripoti sasa inaandikwa upya. Iliyotoka inapanda hadi 190,132. Salio la kitabu linashuka hadi 29,268. Doo iliyopo bado ni 27,768. Tofauti isiyoelezeka: 1,500.

Turudi kwa ile tiki. Jirani anasema alipeana keshi getini jioni akitoka job. Trezara anakumbuka wakisalimiana, lakini hakumbuki doo. Risiti hakuna. Hapo kuna njia mbili, na haziishii pahali pamoja. Kama tiki iliwekwa kimakosa, basi doo haikuingia, na ni jirani anadaiwa Aprili. Kama keshi ilipokelewa, basi jirani amelipa, na ni trezara anafaa kujibu ilienda wapi. Ripoti haiwezi kuamua nani anasema ukweli. Kazi yake ni kuandika hivi:

"Tofauti isiyoelezeka 1,500. Inahusu tiki ya Aprili ya nyumba moja, hakuna risiti wala laini ya M-Pesa. Mwenye nyumba anasema alilipa keshi. Mkutano uamue."

Hiyo ndiyo laini watu huogopa, na hapo ndipo wengi huharibu. Wengine huificha ndani ya "matumizi mengineyo". Wengine hutoa 1,500 kwa mfuko wao usiku wa kuamkia mkutano ndio hesabu ifunge. Hapo umelipa deni ambalo pengine si lako, na umefuta alama ya kosa. Jirani akipata ushahidi wake mwezi ujao, ama akikubali hakulipa, kitabu chako tena hakieleweki. Na aliyekuona ukijaza atasema ulikuwa unarudisha.

Kuna mtego mwingine kama doo ya geti inaingia kwa laini yako mwenyewe. Ukiwa na deni la Fuliza, mchango wa jirani ukiingia tu, deni linajilipa kwanza. Hujaiba kwa nia, lakini doo ya soja imelipa deni lako. Kwa stetimenti itajionyesha kama OD Loan Repayment. Hiyo si tofauti isiyoelezeka. Inajulikana imeenda wapi, na ni wewe unarudisha, ikiandikwa hivyo.

Mwisho, siku ya kuhendova, trezara anayetoka na anayeingia wanahesabu bahasha pamoja na kusoma salio la simu mbele ya watu. Wote wawili wanasaini 27,768, na chini yake ile 1,500 na maelezo yake. Trezara mpya asisaini 29,268 eti kwa sababu kitabu kimesema. Akisaini hiyo, ile 1,500 imekuwa yake.