Ukibaguliwa Kazini Ubelgiji, Andika

Sisi watu wa Kamina tunaoishi Ubelgiji tumezoea kulalamika kwa mdomo. Mtu anamweleza mwenzake baada ya misa, anapiga simu nyumbani usiku, kesho anarudi kazini kwa bosi yuleyule. Hakimu wa kazi hana la kufanya na maneno hayo. Anachotaka ni karatasi yenye tarehe.

Sheria dhidi ya ubaguzi wa rangi ni ya tarehe 30 Julai 1981, na mwaka 2007 ilirekebishwa sana. Haikutaki uthibitishe kwamba bosi anakuchukia. Ukileta mambo yanayotosha kumtia hakimu shaka, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakubagua. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ilisema, katika kesi ya kampuni ya Feryn iliyokuwa ikiweka milango ya gereji, kwamba tamko la mwajiri hadharani la kukataa wageni linatosha kuleta shaka hiyo, hata kama hakuna mtu aliyejitokeza kusema amenyimwa kazi.

Wengi wetu hatubahatiki kupata bosi anayeropoka hivyo. Tuseme mwenzetu yuko kwenye ghala mjini Liège. Ana cheti cha kuendesha mashine ya kuinua mizigo, lakini kila nafasi ikitokea anapewa aliyeingia baada yake. Akiandika “wananibagua kila siku”, hajasema kitu. Aandike jioni ileile: siku, saa, nani alikuwepo, na maneno yenyewe kwa Kifaransa kama yalivyotamkwa. Kisha ajilinganishe na aliyepewa nafasi: aliingia lini, ana cheti gani. Jambo hilo likijirudia mara ya pili na ya tatu, hapo ndipo kesi inapoanza kusimama.

Daftari hilo alipeleke kwa mjumbe wa sendika, au kwa Unia, taasisi ya kupambana na ubaguzi, simu 0800 12 800, bila malipo. Unia husikiliza, humwandikia mwajiri, hutafuta mapatano, na mara chache huenda mahakamani. Si mahakama, kwa hiyo haiwezi kumwamuru bosi.

Je, akifukuzwa? Hofu hiyo ndiyo inayofunga midomo. Mwajiri akimchukulia hatua mbaya ndani ya miezi 12 baada ya malalamiko, ni yeye atakayethibitisha kwamba sababu ni nyingine. Akishindwa, fidia inaweza kuwa mshahara wa miezi 6. Ndiyo maana barua ya malalamiko ipelekwe kwa mwajiri kwa rekomande, na risiti ya posta itunzwe: bila hiyo mwajiri atasema hakujua lolote.

Kuna pengo moja. Akikataliwa kwa sababu ya Kiholanzi chake, Unia haina mamlaka juu ya lugha, ingawa sheria nyingine dhidi ya ubaguzi inakataza ubaguzi wa lugha pia. Hapo inabaki sendika au wakili.