Mapito ya Mizizi Ishara Inapogeuka

Mapito ya mizizi ni mchoro unaoonyesha jinsi mfumo wa udhibiti unavyobadilika tabia pale ukuzaji wake, yaani K, unapoongezwa kidogo kidogo. Kila mfumo wa namna hii una mlinganyo wake wa tabia, na mizizi ya mlinganyo huo ndiyo inayosema mfumo utafanya nini ukitikiswa. Mzizi ukiwa upande wa kushoto wa mhimili wa wima, mtikisiko hufifia wenyewe. Ukivuka kwenda kulia, mtikisiko hukua hadi kitu fulani kiuzuie au kivunjike. Mhandisi Mmarekani Walter R. Evans alichapisha njia ya kuchora mapito hayo mwaka 1948, na tangu wakati huo vitabu vingi huifundisha kwa hali moja: mrejesho hasi wenye K chanya. Ishara moja ikigeuka, kanuni za mchoro zinazotegemea pembe hugeuka nayo.

Katika hali ya kawaida, kipimo cha tokeo hurudishwa mwanzoni na kutolewa kwenye amri iliyotolewa. Sehemu zote za kitanzi zikiandikwa kwa pamoja kama K·G(s), mlinganyo wa tabia huwa

1 + K·G(s) = 0, yaani K·G(s) = −1

Namba −1 ina mambo mawili ndani yake. Ukubwa wake ni 1, na mwelekeo wake ni nyuzi 180. Kwa hiyo nukta s ni mzizi ikitimiza masharti mawili kwa pamoja. Sharti la pembe husema pembe ya G(s) iwe nyuzi 180, au 180 pamoja na mizunguko mizima ya 360. Sharti la ukubwa husema K ikizidishwa kwa ukubwa wa G(s) ipatikane 1. Sharti la pembe ndilo linalochora njia, kwa kuwa halina K ndani yake. Sharti la ukubwa huja baadaye, kusema ni K ipi inayouweka mzizi kwenye nukta fulani ya njia hiyo.

Sasa mrejesho ukiwa chanya, kipimo kinaongezwa kwenye amri badala ya kutolewa, na mlinganyo unakuwa

1 − K·G(s) = 0, yaani K·G(s) = +1

Ukubwa bado ni 1, lakini mwelekeo wa +1 ni nyuzi sifuri. Sharti la pembe linageuka: pembe ya G(s) iwe 0, au 360, au 720, na kuendelea. Mrejesho hasi wenye K hasi hufika mahali hapo hapo, kwa sababu ishara ya kutoa ikikutana na K hasi huzaa kujumlisha. Sharti la ukubwa halitikisiki, ila K huchukuliwa kwa ukubwa wake bila kujali ishara: |K|·|G(s)| = 1.

Badiliko hilo la nyuzi 180 huonekana kwanza kwenye mhimili wa mlalo. Pembe ya G(s) hupatikana kwa kuchora mshale kutoka kila sifuri na kila ncha hadi kwenye nukta inayochunguzwa, kujumlisha pembe za mishale ya sifuri, kisha kutoa zile za ncha. Nukta ikiwa juu ya mhimili wa mlalo, sifuri au ncha iliyo kushoto kwake huchangia nyuzi 0, na iliyo kulia huchangia 180. Zile zinazokuja jozi, moja juu na moja chini ya mhimili, hufutana. Ndiyo maana kwa mrejesho hasi kipande cha mhimili ni sehemu ya mapito pale idadi ya sifuri na ncha zilizo kulia kwake inapokuwa witiri. Kwa mrejesho chanya idadi hiyo sharti iwe shufwa, na kutokuwepo hata moja huhesabiwa kuwa shufwa. Vipande vinabadilishana: palipokuwa na njia hapana tena, na palipokuwa patupu sasa pana njia.

Mfano mwepesi ni G(s) = 1/((s+1)(s+3)), wenye ncha mbili, −1 na −3. Kwa mrejesho hasi mizizi husogeleana, hukutana kwenye −2 na kuachana, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Kwa mrejesho chanya kipande cha kati hakiruhusiwi. Mzizi wa −3 unaelekea kushoto na ule wa −1 unaelekea kulia, ukilenga mhimili wa wima. Sharti la ukubwa linaeleza utafika lini. Kwenye nukta 0 umbali kutoka ncha hizo ni 1 na 3, kwa hiyo |K| ni 1 × 3 = 3. Chini ya hapo mfumo unabaki tulivu, ingawa mrejesho wake ni chanya.

Mahali njia zinapoishia panageuka vilevile. Njia zinazokwenda mbali bila kikomo hufuata mistari elekezi inayotoka kwenye kitovu kimoja. Kitovu hakibadiliki, lakini pembe za mistari hubadilika: badala ya 180, 540 na kuendelea zikigawanywa kwa tofauti kati ya idadi ya ncha na ya sifuri, hugawanywa 0, 360, 720 na kuendelea. Kwa kuwa 0 imo daima, mfumo wowote wenye ncha nyingi kuliko sifuri utakuwa na njia moja inayokwenda kulia moja kwa moja bila mwisho. Mrejesho chanya ukikuzwa vya kutosha, basi, huuangusha kila mfumo wa aina hiyo.

Ishara hasi haiji siku zote kwa kutangazwa. Mara nyingi hujificha ndani ya G(s) yenyewe, na turbini ya maji ni kisa chake kinachojulikana sana, iwe Kidatu au Inga. Lango la maji likifunguliwa zaidi, mtu angetarajia nguvu ipande papo hapo. Lakini maji yaliyo katika bomba refu ni mazito na hayaongezi mwendo kwa mara moja. Lango limekuwa pana, mwendo ni ule ule, hivyo shinikizo kwenye turbini hushuka na nguvu hupungua kwanza kabla ya kupanda. Kwa turbini isiyo na upotevu, na bomba ambalo maji yake huhitaji sekunde 1 kufikia mwendo kamili, uhusiano wa lango na nguvu huandikwa (1 − s)/(1 + 0.5s). Lango likiongezwa ghafla kwa asilimia 1, nguvu hushuka kwanza kwa asilimia 2, kisha hupanda na kutulia asilimia 1 juu ya ilipokuwa.

Tuseme jenereta huhitaji sekunde 10 kufikia kasi kamili kwa nguvu kamili, na gavana hufungua lango kwa kiasi cha K mara upungufu wa kasi. Kitanzi kizima huwa

K(1 − s)/(5s(s + 2))

Kwa kifupi, K/5 iitwe k. Mrejesho ni hasi na k ni chanya, hivyo mkono huvutwa kutumia nyuzi 180. Ila mishale ya mapito huchorwa kwa vipengele vya umbo (s − 1), na 1 − s ni −(s − 1). Kitanzi kikiandikwa kwa umbo hilo ni −k(s − 1)/(s(s + 2)), na ishara ya kutoa imetokeza mbele. Kanuni inayofaa ni ya nyuzi sifuri.

Kwenye mhimili wa mlalo, shufwa inaruhusu kipande kati ya −2 na 0, na kipande chote kilicho kulia kwa 1. Mizizi inaanzia kwenye ncha 0 na −2, inasogeleana, inakutana kwenye −0.732 wakati k ni 0.536, kisha inaachana. Hapo inafuata duara lenye kitovu kwenye 1 na nusukipenyo cha 1.732, inavuka mhimili wa wima, na kurudi kwenye mhimili wa mlalo upande wa kulia, kwenye 2.732. Mmoja huishia kwenye sifuri iliyo 1, mwingine huenda kulia bila kikomo.

Nukta ya kuvukia inafaa kukaguliwa kwa masharti yote mawili. Duara hukata mhimili wa wima kwenye kimo cha 1.414. Mshale kutoka sifuri ya 1 una pembe ya nyuzi 125.26, kutoka ncha 0 una 90, na kutoka ncha −2 una 35.26. Ukitoa 90 na 35.26 kutoka 125.26 inabaki 0, kama sharti linavyodai. Kwa ukubwa, umbali kutoka ncha mbili ni 1.414 na 2.449, na kutoka sifuri ni 1.732. Umbali wa ncha ukizidishwa na kugawanywa kwa wa sifuri unatoa 2. Mfumo, basi, ni tulivu mradi k iwe chini ya 2, yaani K chini ya 10.

Namba hiyo ina maana kubwa kituoni. Gavana huwekwa mara nyingi ili kushuka kwa kasi kwa asilimia 5 kufungue lango lote, na hiyo ni K ya 20. Kwa k ya 4 mizizi iko upande wa kulia, na kasi ingeyumba kwa mawimbi yanayokua. Kwa sababu hiyo gavana za turbini za maji hupewa kifaa kinachopunguza ukuzaji kwa muda, wakati mabadiliko bado ni ya ghafla, kisha huurudisha taratibu. Ukuzaji wa muda ukiwa 5, k ni 1 na mizizi ni −0.5 ikiandamana na 0.866 juu na chini, na mtikisiko hufifia vizuri.

Aliyesahau ishara na kutumia nyuzi 180 angepata picha nyingine kabisa: mzizi wa 0 ungekwenda kulia moja kwa moja hadi 1, na angehitimisha kuwa hakuna k chanya inayofaa. Picha hiyo ni ya kweli kwa kitanzi ambacho waya za kipimo zimegeuzwa. Kosa hutambulika kwa kujaribu k moja ndogo. Mlinganyo halisi ni s² + (2 − k)s + k = 0, na kwa k ya 1 mizizi yake yote iko kushoto.

Katika programu ya MATLAB picha zote mbili hupatikana hivi:

```
s = tf('s');
L = (1 - s)/(s*(s + 2));
rlocus(L)
rlocus(-L)
```

Amri `rlocus` huchora kwa K kuanzia 0 kwenda juu, na huzingatia ishara iliyo ndani ya `L`. Kwa hiyo amri ya kwanza hutoa duara, na ya pili hutoa mapito ya K hasi. Zikiwekwa pamoja, zinakamilisha njia ya kila mzizi kwa K zote, kutoka hasi hadi chanya. Ncha ndipo zinapokutana, kwa sababu huko K ni 0 na ishara yake haina uzito.